Misizi ya Amani

Katikati ya miaka ya 1970 niliajiriwa kibarua cha msitu huko Amani, Usambara Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kufyeka njia mbele ya katapila. Tuliyokuwa tukiifuata ni mitambara, miti ya hapo kwetu, mirefu, iliyonyooka, yenye mizizi ya ubao iliyotoka shinani ikapita kimo cha mtu. Mtambara mmoja ulipoanguka haukuanguka peke yake, maana kamba za msituni zilikuwa zimeufunga na wenzake. Kisha katapila lilikuja kuvuta gogo, likaacha mfereji mwekundu mteremkoni. Jua likapiga chini mahali ambapo pengine halijafika kwa miaka mia.

Mapengo hayo yaliwekewa mpango. Kitaluni tulijaza udongo kwenye viriba, na mche uliopendwa kuliko yote ulikuwa msizi. Si mti wa Usambara. Kwao ni Uganda, Bukoba na kuendelea magharibi. Wajerumani waliofungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 ndio walioupanda hapo kwanza, kwenye bustani ya majaribio. Nikamuuliza mnyapara kwa nini hatupandi mitambara tuliyoikata. "Kijana," akasema, "huo mtambara utauona wewe au mjukuu wako?" Alikuwa na hoja. Msizi unapanda juu upesi, unanyooka, unatoa mbao na kuni, na hakuna aliyebishana na mti wa namna hiyo.

Ila haukukaa pale tulipoupanda. Matunda yake yakiiva huwa meusi yenye zambarau, na hondohondo wanayapenda mno. Walikula kwetu, wakaruka bonde zima kwa ule mvumo wa mbawa unaosikika kabla hujamwona ndege, wakaangusha kokwa ndani ya msitu. Chini ya kivuli kizito kokwa hizo hazikufika mbali. Lakini njia za katapila zilikuwa zimejaa mwanga, na kila pengo la mtambara likawa kitalu ambacho hatukukichimba. Uvunaji wa mashine uliposimamishwa katika miaka ya 1980, msizi ulikuwa umeshaingia mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda.

Ukisimama barabarani ukatazama vilima hivyo leo, utasema msitu umerudi. Kwa mbali ni kijani tupu. Mimi siku hizi wageni wakija nawaambia waache kutazama juu, wainame. Kwenye msitu wa zamani mguu unadidimia: kuna tabaka la majani ya miaka tofauti, ya juu makavu, ya kati yameoza nusu, ya chini yamefumwa na vimizizi vyembamba kama mkeka. Humo ndimo wanamoishi majongoo, vyura wadogo na vinyonga wa chini ambao wengine hawapatikani popote nje ya milima hii. Chini ya misizi jani linaoza haraka, na miezi fulani unakuta udongo uko wazi, mvua ikinyesha matone yanauchimba moja kwa moja. Maji ya mto Zigi, yanayonywewa Tanga mjini, yanatoka kwenye miteremko hii.

Jambo la pili la kutazama ni watoto. Mche wa mtambara unaota kivulini na una subira, unakaa mwembamba miaka mingi ukingoja mzee mmoja aanguke. Mahali palipobaki na miti mama karibu, nimeona mitambara na misambu michanga ikichomoza hata chini ya misizi, na hapo sina haja ya kuutukana msizi. Umeshika udongo na umetoa kivuli. Tatizo ni pale wazee wote walipokatwa. Hapo hakuna mbegu ya kuanguka, na pengo linalofuata linachukuliwa na msizi tena. Hata tungepanda mitambara kwa mikono yetu, tungekuwa tumepanda mti tu. Mkeka wa chini, kamba, kuvu na wadudu wake haviuzwi kwenye viriba.

Amani ilipofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, vijana wengi waliniuliza kwa nini misizi isikatwe yote, iishe. Nikawaonyesha mahali mwenye shamba la iliki alipoangusha mmoja kwa msumeno ili apate mbao. Uliacha uwazi, mwanga ukaingia, na mvua za vuli zilipokuja miche ya msizi ikaota pale kama imemwagwa na debe. Afadhali kubandua gome kuzunguka shina, mti ufe umesimama, majani yapukutike kidogo kidogo, mwanga uingie taratibu na miche ya kivulini ipate nafasi ya kwanza. Hata hivyo unarudi kila mwaka kung'oa michanga, na ni lazima kuwe na mtambara mzee karibu wa kuangusha mbegu. Kwenye kilima nilichofyeka mimi umebaki mmoja, juu kabisa kwenye mawe, ambako katapila halikuweza kupanda.