Kulia kwa Nani?

Mjane mmoja aliniomba nimchore marehemu mumewe kutokana na picha ambayo mzee alijipiga mwenyewe kwa simu. Nilipofunua turubai, mama yule alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, umempata, lakini si yeye. Alama yake ilikuwa shavu hili," akagusa shavu lake la kushoto. Mimi nilikuwa nimeiweka kulia.

Kamera ya mbele ya simu humwonyesha mtu kama kioo, na simu nyingine huihifadhi picha hivyohivyo. Mzee asingeona kasoro, kwa maana maisha yake yote alijijua kwa kioo. Mkewe alimjua kwa kumtazama usoni. Kwa hiyo picha iliyokuwa sahihi machoni pa mwenyewe ilikuwa ya mgeni machoni pa mke: njia ya nywele imehamia upande wa pili, alama nayo imehama.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Palikuwa na maandishi madogo yaliyotariziwa, nayo katika picha yalikuwa yamegeuka. Mkono wangu uliyanyosha bila kuniuliza, kwa kuwa mkono uliozoea kuandika hauchori herufi kinyumenyume. Nikasahihisha neno, nikauacha uso. Shahidi aliyekuja kuniambia ukweli nilimziba mdomo.

Siku hizi, kabla ya kushika penseli, natafuta kwanza maandishi. Yasiposomeka, natazama shati. Shati la kiume kwa kawaida hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukilala juu ya ule wa kulia, na mfuko wa kifua huwa kushoto kwake. Katika picha sahihi, basi, mfuko utauona upande wako wa kulia. Mfuko wa yule mzee ulikuwa upande wangu wa kushoto, na sikuushangaa. Hata hivyo vifungo ni dalili tu: mashati ya kike hufungwa kinyume, na fundi hushona apendavyo. Ndiyo maana naomba picha ya pili iliyopigwa na mtu mwingine, kisha namwuliza jamaa aguse shavu lake mwenyewe. Neno "kulia" silipokei hivihivi, maana sijui kama ni kulia kwa marehemu au kwa msemaji.

Nilidhani ningeihamisha ile alama tu. Haikufaa. Jicho moja la mzee lilikuwa dogo kuliko jingine, na pembe moja ya mdomo ilipanda. Vyote vilikuwa vimegeuka pamoja. Niliigeuza picha, nikaanza turubai jipya. Nilipolipeleka, mama hakusema kitu juu ya alama. Alivuta kiti, akaketi kumkabili, kama walivyokuwa wakiketi.