Saa moja na liste ya familia, huku Luano

Familia mliohama makwenu, kila mahali pa msaada kuna mtu anayewaandika. Huku Luano nilitayarisha mafundisho mafupi kwa wale wanaoandika. Saa moja tu. Kwa hiyo niliacha hotuba, nikaweka mezani karatasi moja: liste yenye majina ya kubuni, na safu sita, yaani jina, idadi ya watu nyumbani, simu, namba ya kadi ya mpiga kura, asili, ugonjwa.

Kwa kila safu tunauliza: tukiifuta, je, ugawaji wa unga utakwama? Jina linabaki. Idadi inabaki, maana ndiyo inayohesabu mifuko. Simu inabaki ili tuite watu. Kadi inatosha kuitazama na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe, bila kunakili namba wala kuipiga picha. Ugonjwa ni wa muuguzi, katika daftari lake.

Kwenye asili tunakawia. Wazee wa hapa wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu, wengine wakilala kwenye kituo cha treni cha Likasi wakingoja kuondoka. Liste inayoonyesha nani anatoka wapi, na simu yake, ni hatari ikiangukia mikono mibaya. Unga haupimwi kwa kabila. Tunafuta.

Halafu tunagawa karatasi mara mbili. Daftari lenye majina na simu linafungwa kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja. Siku ya kugawa, mezani kunabaki liste yenye namba ya jetoni na idadi ya watu tu. Mtu akiipiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp, hajamfichua mama yeyote. Kumwambia mtu aifute baadaye hakusaidii sana: wenzake wamekwisha kuihifadhi.

Dakika kumi na tano za mwisho ni za mchezo. Mmoja anajifanya mpiga simu: “Papa, mimi ni shemeji yake. Mama fulani yuko kwenu?” Wengi hujibu haraka, kwa huruma: “Ndiyo, yuko.” Hapo ndipo inaonekana nani bado hajaelewa, hata kama amejibu maswali yote vizuri. Huenda ni shemeji kweli. Huenda ni mume aliyekimbiwa. Hata “ameondoka jana” ni jibu tayari. Tunarudia mpaka wote waseme: “Hatusemi nani yuko au hayuko. Niachie jina na namba yako.” Kama mama yuko, anaambiwa faraghani, na yeye ndiye anaamua kupiga.

Sheria pia ipo: Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo mkiandikwa, mnaweza kuuliza: safu hii ni ya nini, nani ataisoma, na daftari litachomwa lini?