Kilichonitisha Ilikuwa Tarehe

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, hesabu zote za duka zilikuwa kichwani mwake, na kwa muda hakuweza kusema. Mimi ni mkurugenzi mwenza wa kampuni yetu ya vifaa vya ujenzi, lakini mambo ya benki yalikuwa yake. Katika faili lake nikakuta barua ya masharti ya overdrafti. Nikaiweka kando ya taarifa ya benki, nikaisoma mstari kwa mstari.

Ukomo ulikuwa shilingi milioni 30, nasi tulikuwa tumeshachukua milioni 24. Kumbe bado tuna nafasi, nikajisemea. Kisha nikafika kwenye muda: miezi 12, mwisho 30 Juni. Tulikuwa Mei. Overdrafti haina marejesho ya kila mwezi kama mkopo wa kawaida, kwa hiyo mtu husahau kwamba ina mwisho. Siku hiyo ikipita bila kuhuishwa, ukomo unakuwa sifuri, na milioni 24 zote zinahesabiwa kuwa zimezidi. Barua ilitaja riba ya asilimia 18 kwa mwaka ndani ya ukomo, na 6 zaidi kwa kilichozidi. Kwa siku 30, riba ingepanda kutoka kama shilingi 355,000 hadi 473,000. Hiyo ningeihimili. Ambacho nisingehimili ni hundi ya msambazaji wa saruji kurudishwa.

Nikaenda tawini kabla ya Juni. Ofisa wa mikopo akaniuliza, "Mama, mbona akaunti haijawahi kushuka chini ya deni la milioni 15 mwaka mzima?" Swali la haki. Overdrafti ni ya kupanda na kushuka kadiri wateja wanavyolipa. Deni lisiloshuka ni mtaji uliokopwa kwa mlango usio wake. Tukakubaliana: milioni 15 ziwe mkopo wa miezi 24 wenye marejesho, na overdrafti ibaki na ukomo wa milioni 15.

Barua mpya ilipokuja, sikuisaini palepale. Sehemu ya dhamana ilisema nyumba yetu inalinda "deni lolote, la sasa na la baadaye". Maana yake, hata mkopo wa lori tulioudhamini kwa shemeji yangu katika benki hiyohiyo ungeifuata nyumba. Kwa kuwa ridhaa yangu kama mke ilihitajika kwenye rehani, nilikuwa na pa kusimamia. Nikaomba dhamana itaje mikopo hii miwili tu, na kiwango cha juu. Walinung'unika, wanasheria wao wakachelewa, mwishowe wakaandika.

Mume wangu sasa anaongea. Mkopo wa milioni 15 unalipwa, na mwezi uliopita akaunti ilifika upande wa chanya kwa siku chache. Wewe uliye na overdrafti, itoe barua yako leo utazame inaisha lini.