Mnacheka Nini?

Ujumbe unaokuambia kwamba pesa imetoka kwenye akaunti yako hauna emoji. Fungua simu uangalie. Ni namba ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, makato, salio, tarehe na saa. Sababu yake ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya adabu. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, ujumbe wote unalazimika kuandikwa kwa mfumo mwingine, na uwezo wake unashuka hadi nafasi 70, huku emoji yenyewe ikila mbili. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa unakwenda kama SMS moja unageuka kuwa tatu. Kampuni inayotuma mamilioni ya ujumbe kwa siku haiwezi kulipia tabasamu kwa bei hiyo.

Lakini mteja huyohuyo akiandika kulalamika kwenye ukurasa wa kampuni, ambako emoji hazina gharama, anajibiwa kwa maua, mioyo na nyuso zinazocheka. Nilifanya kazi miaka miwili kwenye dawati la ujumbe la kampuni moja ya simu Dar es Salaam, na huko ndiko nilikojifunza kwamba gharama ipo. Tofauti ni kwamba anayeilipa ni mteja.

Kuna muamala mmoja ninaoukumbuka kwa dakika zake. Mama mmoja muuza dagaa wa Morogoro alikuwa anamlipa dalali wake wa Mwanza shilingi 640,000. Akakosea tarakimu ya mwisho. Jina lilitokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri, ila halikumshtua, kwa sababu laini ya yule dalali ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine wa nyumbani kwake, kama zilivyo laini nyingi, na yeye hakuwahi kulikariri. Pesa ilikwenda saa 1:12 usiku. Dalali alipomwambia hajaona kitu, akaandika kwetu saa 1:19: amekosea namba, ni mtaji wake wote, tumsaidie kabla yule mtu hajatoa.

Saa 1:21 akapata jibu hili:

“Mpendwa mteja wetu 😊 pole sana kwa usumbufu 🙏 Tafadhali tutumie namba ya muamala inbox 📩 Tupo kwa ajili yako daima 💛✨”

Emoji tano. Saa 1:24 akauliza: “Mnacheka nini?” Kisha akanyamaza.

Kwa vipimo vya ofisi, jibu lile lilikuwa zuri. Lilitoka ndani ya dakika mbili, lilikuwa na salamu, pole, maelekezo na “lugha changamfu”, ambayo ilikuwa na mstari wake kwenye fomu ya ubora. Lilikuwa jibu la kubandika, mojawapo ya majibu yaliyokuwa yamehifadhiwa ili mhudumu aguse mara moja tu. Waliyaandika watu wa masoko, walewale walioandika matangazo ya vifurushi, na moyo ulichaguliwa ufanane na rangi ya kampuni. Hakuna aliyekaa akafikiria mtu aliyepoteza mtaji akilisoma.

Kwa nini yule mama alinyamaza? Aliniambia mwenyewe baadaye, niliposhika zamu saa 2 na kumpigia. Alidhani ameingia kwa matapeli. Na alikuwa na haki kudhani hivyo. Kila mtu aliyewahi kuandika malalamiko hadharani anajua kinachofuata: kurasa za bandia zenye nembo ya kampuni zinajitokeza chini ya maneno yake, zikimwita “mpendwa”, zikimwomba aende faragha na namba zake. Matapeli hao wameiga sauti ya kampuni, nayo sauti ya kampuni ni rahisi kuigwa kwa sababu imejaa vitu ambavyo yeyote anaweza kubandika. Kile ambacho tapeli hawezi kukiandika ni ukweli wa jambo lenyewe: kwamba ombi limefunguliwa, lina namba hii, na kinachofuata ni hiki. Jibu letu halikuwa na hata kimoja cha hivyo.

Sasa hesabu saa. Kurudisha muamala uliokosewa ni mbio. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, kitengo cha miamala kinaweza kuizuia kisha kumtafuta aeleze kama ni yake. Akiwa ameshaitoa kwa wakala, hakuna cha kuzuia. Inabaki kumbembeleza au kwenda polisi. Mama alitupa namba ya muamala saa 2:05, baada ya mimi kumwambia akate simu na apige mwenyewe namba ya huduma kwa wateja anayoijua, ili awe na uhakika anaongea na nani. Zuio likawekwa saa 2:11. Aliyepokea alikuwa ameshatoa 200,000 saa 1:50. Zikapatikana 440,000.

Siwezi kuapa kwamba jibu lisilo na emoji lingeokoa zile laki mbili. Ninachojua ni kwamba dakika arobaini zilipita akijiuliza kama sisi ni sisi.

Tangu usiku ule nilianza kuziangalia emoji moja moja, kama mtu anayekagua mawe kwenye mchele. Iliyonisumbua zaidi ni 🙏, kwa sababu ndiyo iliyoonekana ya heshima. Mikono hiyo miwili inaweza kuwa tafadhali, asante, dua au samahani. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo lugha nyingi zimeyachanganya: pole na samahani. Pole ni kushiriki machungu bila kubeba kosa. Unampa aliyejikwaa hata kama hukumsukuma. Samahani ni kukiri. Mama wa dagaa alikosea tarakimu mwenyewe, kwa hiyo alistahili pole. Mteja aliyekatwa mara mbili kwa kosa la mtambo anastahili samahani, na akipewa pole anajua amekwepwa. Ile 🙏 inamruhusu mwandishi asichague. Ndiyo maana inapendwa maofisini.

Na “usumbufu” nao una ukubwa wake. Mtandao ukikatika nusu saa ni usumbufu. Kupotelewa na 640,000 si usumbufu.

Wapo watakaosema wateja wenyewe ndio wanaoanza. Ni kweli. Watu waliandika “hela yangu imeliwa 😂😂😂” na “nimefungiwa laini 😭😂”. Kamusi za Oxford ziliichagua 😂 kuwa neno la mwaka 2015, na sisi tulikuwa tumeshaipa kazi ya kubeba maafa. Wenzangu walikuwa wanajibu kwa kicheko hichohicho, wakiamini wanamfuata mteja anakokwenda. Lakini sisi tuna utani, na utani una sheria. Kwenye msiba, mtani anaweza kuigiza marehemu na kudai fidia, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Anaruhusiwa kwa sababu ya undugu uliokuwapo kabla ya msiba, na kwa sababu akimaliza kuchekesha anashika jembe la kaburi au mwiko wa sufuria. Kampuni ya simu si mtani wa mtu. Mfiwa akicheka, karani wa mapokezi hachangii kicheko. Anamwonyesha mlango sahihi.

Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa Ella Glikson, Arik Cheshin na Gerben van Kleef uliowapa watu barua pepe za kazi kutoka kwa wasiowafahamu, nyingine zikiwa na uso wa tabasamu na nyingine bila. Tabasamu la mtu ana kwa ana huongeza ukunjufu. Lile la kwenye maandishi halikuongeza, na aliyelitumia alionekana hana uwezo sana wa kazi. Nilipousoma sikushangaa. Mtu mwenye shida ya pesa hatafuti rafiki kwenye dawati. Anatafuta mtu anayeweza.

Hapo ndipo penye siri ya zile emoji zote. Mhudumu wa ujumbe hawezi. Hana kitufe cha kuzuia pesa. Anachoweza ni kupeleka ombi kwa kitengo kingine na kusubiri kama mteja anavyosubiri. Asipopewa la kusema, anapewa la kupamba. Nilikuja kuona kwamba wingi wa emoji kwenye jibu unapima kitu kimoja kwa uaminifu: umbali kati ya anayejibu na anayeweza kurekebisha.

Kuna kejeli kidogo katika historia yake. Shigetaka Kurita, aliyechora zile picha 176 za mwaka 1999 za nukta 12 kwa 12, alizichora kwa ajili ya kampuni ya simu ya Japani, NTT DoCoMo. Zilikuwa za kusema mengi kwenye skrini ndogo: mvua, treni, simu. Picha ilikuwa taarifa. Kwenye dawati letu ilikuwa inakaa mahali pa taarifa.

Kwa hiyo ni ngapi zinafaa? Kwenye dawati tuliishia na kanuni ambayo haikuandikwa popote. Pesa, laini au akaunti ya mtu ikiwa imepotea, hakuna hata moja, hata kama yeye ametuma kumi. Anayeulizia kifurushi au saa za kufungua duka, moja haimdhuru mtu. Jambo likishamalizika na mteja akashukuru kwa emoji, unaweza kumrudishia moja, naye ndiye atakuwa ameianza. Na kuna wateja wasioona, ambao simu zao huwasomea skrini kwa sauti: kwao ile nyota mwishoni hutajwa kwa jina, neno kwa neno, katikati ya habari ya pesa yao.

Kwa malalamiko ya namba iliyokosewa tuliandika jibu jipya. Nalinakili hapa kwa sababu lilitumika mpaka naondoka:

“Pole. Tumefungua ombi lako sasa hivi, saa ___. Tunahitaji namba ya muamala tu. Usitupe namba ya siri, na hakuna mhudumu atakayekuomba. Kama unataka uhakika kwamba ni sisi, piga namba ya huduma uliyoizoea, utaje kumbukumbu ___. Pesa ikiwa haijatolewa, itazuiwa. Tutakujibu kabla ya saa ___, hata kama bado hatuna jibu.”

Watu wa masoko walisema ni kavu. Wateja walituma namba ya muamala.