Sauti ya Om

Kwetu Othaya, wazee wa Kikuyu walipoomba kwa kuuelekea Mlima Kenya, mmoja wao alisema sala na wengine wakaitikia "thaai", yaani amani. Neno hilo lina tafsiri. Om, ambayo Wahindu huitanguliza katika sala zao, haitafsiriki hivyo. Nalimwuliza maana yake mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Nyeri. Badala ya kunipa neno, aliniambia niitamke polepole huku nikiangalia mwendo wa kinywa changu.

Ijaribu, msomaji. Om huhesabiwa kuwa sauti tatu. A huanzia kooni, kinywa kikiwa wazi. U husogea mbele. M huifunga midomo. Kwa kuwa sauti hiyo hukipitia kinywa chote, wahenga wa Kihindi waliiona yafaa kuwa alama ya mambo yote yaliyopo. Kitabu kidogo chenye aya 12, Upanishadi ya Mandukya, hulinganisha A na hali ya kuwa macho, U na ndoto, na M na usingizi mzito. Kisha chataja hali ya nne, isiyo na herufi. Walimu wengi huifananisha na kimya kinachobaki midomo ikiisha kufungwa, na mimi naona kwamba uzito wote wa jambo umo katika kimya hicho.

Mantra ni maneno matakatifu yanayokaririwa, na nyingi huanza na om. Mwenye kukariri hushika tasbihi yenye shanga 108, akivuta moja kwa kila mara. Shanga kubwa ya mwisho huitwa meru, kwa jina la mlima wa hadithi za Kihindi (wala si jirani zetu Wameru). Haivukwi, akiifikia, huigeuza tasbihi na kurudi alikotoka.

Je, si kupayukapayuka huku, jambo ambalo Injili yakataza? Mzee yule hakukasirika kwa swali langu. Alisema kwamba vidole vyaweza kuhesabu peke yao, na mtu akagutuka yuko kwenye meru, asikumbuke alilosema. Mzunguko wa namna hiyo, kwake, ni bure. Ndiyo maana kukariri kwa sauti huhesabiwa chini, kunong'ona juu yake, na kukariri moyoni juu kabisa: hapo hakuna midomo ya kuendelea yenyewe wakati fikira zimekwenda sokoni.

Wabudha wa Tibeti nao wana mantra ya silabi sita inayoanza na om. Huiandika hata ndani ya magurudumu ya sala yanayozungushwa kwa mkono. Lakini Wabudha wenye asili ya Sri Lanka, ambao wana hekalu lao Dar es Salaam, hufuata njia nyingine. Wao hukariri kwa Kipali maneno ya kumkumbuka Budha na mafundisho yake, na kwa desturi hawaanzi na om.