Mpangaji Asiye na Hati ya Mshahara

Mama mmoja muuza mboga alikuja kutaka chumba changu hapa Kihesa, kodi shilingi 50,000 kwa mwezi. Hati ya mshahara hakuwa nayo. Kwa ridhaa yake nikatazama miamala ya simu yake ya miezi mitatu: fedha iliingia karibu kila siku, kidogo kidogo, nikaridhika.

Mwenye nyumba wake wa sasa alimsifu mno. Nikatia shaka, kwani atakaye kumwondoa mpangaji naye husifu. Nikampigia wa kabla yake, akasema: "Aliondoka hana deni."

Nilitamani kuuliza habari za talaka yake, nikajizuia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka zikusanywe taarifa zihitajikazo kwa kusudi lake tu, na talaka haikuhusu kodi. Tukakubaliana alipe kila mwezi, si miezi sita kwa pamoja.