Wanataka kujua umewaletea nini, si umesoma wapi

Chukulia binti mmoja aliyezaliwa bonde la Mlalo, huko milimani Lushoto, akasomea kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na sasa ni ofisa ugani. Ameombwa azungumze kwenye mkutano wa kijiji chao kuhusu kupanda mistari ya majani ya Guatemala ili udongo wa mteremkoni usisombwe na mvua. Usiku wa kuamkia mkutano anajisomea utangulizi wake jikoni, bibi yake akichambua maharage pembeni:

“Itifaki imezingatiwa. Mimi ni ofisa kilimo mwenye shahada ya sayansi ya kilimo. Nimehudhuria mafunzo ya hifadhi ya udongo Arusha na Nairobi. Nimefanya kazi na miradi miwili ya wafadhili. Nina uzoefu wa miaka sita katika fani hii. Leo nimekuja kuwaelimisha juu ya umuhimu wa kuhifadhi udongo.”

Bibi anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza: “Maneno mazuri, mjukuu wangu. Sasa mie nije mkutanoni kufuata nini?”

Swali hilo halijajibiwa popote katika utangulizi ule. Ukiondoa itifaki, zinabaki sentensi tano, na nne kati yake zinamhusu msemaji mwenyewe. Ya mwisho ndiyo inayowagusa wasikilizaji, lakini inawaambia tu kwamba hawajui kitu. Hakuna mahali palipotajwa shamba, mvua, maharage wala ng'ombe.

Kosa la utangulizi wa namna hii si urefu wake tu. Vyeti na taasisi navyo vina ujumbe, na mara nyingi si ule aliokusudia msemaji. Ukitaja miradi miwili ya wafadhili, watu wanaanza kuwaza posho. Ukipanga vyeo na mafunzo, wazee wanasikia kwamba amekuja mtu wa amri. Katika Usambara wana sababu ya kusikia hivyo.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuokoa udongo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walitakiwa kulima matuta ya kukinga maji kwenye miteremko mikali, na asiyelima aliweza kutozwa faini. Wataalamu walikuwa na elimu yao, na mmomonyoko walioutaja ulikuwa wa kweli. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya jembe la mashamba ya chakula ilikuwa mikononi mwa wanawake. Watu hawakuona chakula kikiongezeka kwa kadiri ya jasho lao, na wengi walihofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Upinzani ulikua, hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Ushambaa, anaeleza kwamba Washambaa waliwapima watawala wao kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwa kipimo hicho, elimu ya mgeni haitoshi. Swali ni kama anachokileta kitaiponya nchi au kitaiharibu.

Miaka ya 1980 mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani, ulirudi kwenye milima ileile na tatizo lilelile. Safari hii mistari ya kukinga udongo ilipandwa miti na majani ya malisho, ikaenda pamoja na ufugaji wa ng'ombe zizini. Mkulima aliyepanda majani aliyakata akampa ng'ombe, akapata maziwa na samadi. Sababu ya kujali ilikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Basi binti yule afanyeje? Kwanza achukue karatasi yake na apige alama kila sentensi inayomhusu yeye na kila inayowahusu wasikilizaji. Zikizidi za kwake, ameshaona tatizo lilipo. Kisha kila sifa aiulize swali moja: nikiitoa hii, je, watu watapunguza imani katika jambo hili la leo? Mafunzo ya Arusha na Nairobi yakitoka, hakuna anayepoteza kitu. Miradi ya wafadhili ikitoka, mkutano unapona. Kwamba amesomea udongo kunaweza kubaki, lakini si mbele.

Mbele akae yule ambaye wasikilizaji wanamjua tayari: mto wao, shamba lao, mzigo wao. Baada ya hapo ije sifa inayoonekana kwa macho. Kama amewahi kupanda majani hayo mahali ambapo watu wanaweza kufika kwa miguu, shamba hilo linamtetea kuliko cheti. Utangulizi mpya unaweza kuwa hivi:

“Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, itifaki imezingatiwa. Masika haya mto wetu ulikuwa mwekundu siku nne. Ule wekundu ni udongo wa mashamba yetu ya juu, na samadi tuliyoibeba kichwani ilikwenda nao. Miaka mitatu iliyopita nilipanda mistari minne ya majani ya Guatemala kwenye shamba la baba, pale juu ya kisima. Udongo umejaa nyuma ya kila mstari, na ng'ombe wa mama anakula majani hayohayo. Leo nitaeleza jinsi ya kupima mstari, kazi inachukua siku ngapi, na hasara yake ni nini, maana majani haya nayo yanakula nafasi ya mahindi. Udongo ndio niliousomea Sokoine, kwa hiyo msibakize swali.”

Shahada imo bado, lakini imekuja mwishoni na ina kazi: inawapa watu ruhusa ya kuuliza. Kutaja hasara mapema nako kunajenga imani, kwa sababu aliyekuja kuuza kitu kwa kawaida hufunika hasara. Na sentensi ya shamba la baba ina sharti moja. Iwe kweli, maana kesho yake watu watapita kuliangalia. Asiye na shamba la mfano aseme la jirani aliyekwishapanda, kwa idhini yake.

Itifaki haikuondolewa. Mwenyekiti na wazee wasiposalimiwa, hata jambo zuri linaingia vibaya. Kinachosahaulika mara nyingi ni yule anayemkaribisha msemaji. Mwenyekiti akipewa wasifu wa kurasa mbili, atausoma wote kwa heshima, na kazi yote ya kupunguza itakuwa bure. Ampe karatasi yenye sentensi mbili: huyu ni nani kwetu, na leo analeta nini.

Kuna mahali ambapo sifa zinastahili kutangulia. Anayefundisha kuchanganya dawa za kunyunyizia nyanya, au anayezungumzia dawa za watoto, aseme mapema ana mamlaka gani ya kusema hivyo, kwani kosa lake linaweza kuua. Hata hapo inatosha ile moja inayohusika. Barua ya kuomba kazi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu msomaji wake anachagua mtu.

Kama marekebisho yamefaa, swali la kwanza litakaloulizwa baada ya hotuba litaonyesha. Wakiuliza mradi una fedha kiasi gani, walisikia vyeo. Wakiuliza mbegu za majani zinapatikana kwa nani, au mstari mmoja hadi mwingine ni hatua ngapi, walisikia habari za mashamba yao.